Ripoti Mapping Katika Ukurasa Mmoja: Safu ya Kati Ndiyo Inayopima

Ripoti iliyotolewa na Ofisi ya Kamishna Mkuu wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Binadamu tarehe 1 Oktoba 2010, ambayo Wakongo wengi huiita Ripoti Mapping kwa sababu ilikusudiwa kuchora ramani ya maovu makubwa yaliyotendwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kati ya Machi 1993 na Juni 2003, ina zaidi ya kurasa 500 na inaeleza matukio 617. Imetajwa bungeni, makanisani na barabarani kwa miaka mingi, lakini walioisoma yote ni wachache mno, na hilo si la kushangaza, kwa kuwa ni andiko zito, lililopangwa kwa aya zenye nambari na kujaa rejea. Katika mji kama Kalemie, makao makuu ya jimbo la Tanganyika, ripoti ya namna hiyo humfikia mbunge wa jimbo, chifu, mwalimu au kiongozi wa jamii ya kiraia kupitia muhtasari uliotengenezwa na mtu mwingine, na mara nyingi muhtasari huo huwa ukurasa mmoja wenye jedwali la safu tatu: yaliyobainika, ushahidi, na hatua zinazopendekezwa. Makala haya yanahusu namna jedwali hilo linavyotengenezwa bila kuipotosha ripoti, na ripoti yenyewe ndiyo inayochukuliwa kuwa mfano tangu mwanzo hadi mwisho.

Kazi huanzia mahali ambapo wasomaji wengi huparuka, yaani kwenye kurasa zinazoeleza agizo na mbinu. Agizo ni maelezo ya kile ambacho waandishi walitumwa kufanya, na mbinu ni maelezo ya jinsi walivyokifanya. Katika Ripoti Mapping, agizo lilikuwa na sehemu tatu: kuorodhesha ukiukaji mkubwa zaidi wa haki za binadamu na wa sheria za vita, kutathmini uwezo wa mahakama za Kongo wa kuushughulikia, na kupendekeza njia za kutafuta ukweli, haki na fidia. Timu iliyofanya kazi hiyo kati ya mwaka 2008 na 2009 ilikusanya nyaraka zaidi ya 1,500 na kuzungumza na mashahidi zaidi ya 1,200, na ilijiwekea kanuni kwamba tukio lisiingizwe katika ripoti isipokuwa limethibitishwa na angalau vyanzo viwili visivyotegemeana, maana yake vyanzo ambavyo kimoja hakikupata habari zake kwa kingine.

Kanuni hiyo ya vyanzo viwili haiwezi kueleweka bila kipimo kilichoambatana nayo. Wanasheria hutofautisha ngazi za uhakika. Ili mtu ahukumiwe katika kesi ya jinai, kosa lake linatakiwa kuthibitishwa pasipo shaka yoyote ya msingi. Ili uchunguzi ufunguliwe, hutosha kuwe na tuhuma zenye msingi, yaani taarifa za kuaminika zinazolingana na mambo mengine yaliyothibitishwa na zinazoonyesha kuwa tukio fulani lilitokea. Ripoti Mapping ilichagua ngazi hii ya pili, na ilisema wazi kwamba haikusudii kumtia mtu yeyote hatiani wala kutaja majina ya watuhumiwa mmoja mmoja, ambayo yaliwekwa katika hifadhidata ya siri. Kwa hiyo mtengeneza jedwali ambaye hajasoma kurasa hizo ataandika katika safu ya kwanza kwamba kundi fulani lina hatia, ilhali ripoti imesema tu kwamba kuna tuhuma zenye msingi dhidi ya kundi hilo. Kosa hilo ni la kitenzi kimoja, nalo linatosha kuliangusha jedwali zima mbele ya wakili wa kwanza atakayelisoma.

Baada ya mbinu hufuata uchaguzi wa mistari, na hapa ukubwa wa karatasi ndio unaoamua. Karatasi ya A4 iliyolazwa kwa upana, yenye herufi ambazo mtu wa makamo anaweza kuzisoma bila kuhangaika, hubeba maneno kama 350, hivyo mistari saba au minane tu, kila mmoja ukiwa na maneno yasiyozidi 45 katika safu zote tatu. Matukio 617 hayawezi kugawanywa kwa mistari minane kwa kuchagua yale yanayosisimua. Ripoti yenyewe inatoa msaada, kwa kuwa waandishi wake walitumia vigezo vinne vya kupima uzito wa tukio ili kuamua lipi liingie: aina ya uhalifu, ukubwa wake kwa idadi ya matendo na ya waathirika, namna ulivyotendwa, na athari zake kwa jamii. Mtengeneza jedwali anayetumia vigezo hivyohivyo hawezi kulaumiwa kwamba amechagua kwa upendeleo, na ni vyema avitaje kwa maandishi madogo chini ya karatasi.

Mtu wa Tanganyika ana ugumu wake wa ziada. Ripoti imegawanywa kwa vipindi vinne, kuanzia miaka ya mwisho ya utawala wa Mobutu, kisha vita ya kwanza, vita ya pili, hadi kuelekea serikali ya mpito, na ndani ya kila kipindi imegawanywa kwa majimbo ya wakati ule. Tanganyika haimo katika orodha hiyo, kwa sababu ilikuwa bado wilaya ya Katanga na haikuwa jimbo hadi mgawanyo wa mwaka 2015. Anayetafuta habari za Kalemie, Moba, Nyunzu, Kabalo, Kongolo au Manono hana budi kuzitafuta katika sehemu za Katanga mara nne, mara moja kwa kila kipindi, na akiridhika na sehemu moja tu ataandika kwa kujiamini kwamba ripoti haikusema kitu kuhusu mahali fulani, kumbe imesema kurasa mia moja mbele. Ndiyo maana kabla ya jedwali hutengenezwa karatasi ya kazi, ndefu na isiyo na urembo, ambamo kila jambo huandikwa pamoja na nambari ya aya yake. Nambari hiyo ndiyo itakayohamia katika safu ya ushahidi, na ndiyo itakayomwezesha msomaji mwenye mashaka kufungua ripoti na kujionea.

Mfano mmoja wa karibu unaonyesha jinsi mstari unavyojengwa. Ankoro ni mji ulio katika eneo la Manono, mahali Luvua inapoingia Lualaba. Mnamo Novemba 2002, mapambano kati ya wanajeshi wa serikali wa wakati huo, waliojulikana kwa kifupi kama FAC, na wanamgambo wa Mayi-Mayi yaligeuka kuwa mashambulizi dhidi ya wakazi, makumi ya raia wakauawa na nyumba nyingi mno zikachomwa moto. Tukio hilo limo katika sehemu ya kwanza ya ripoti kama ukiukaji, kisha linarudi katika sehemu inayohusu mahakama, kwa sababu ni mojawapo ya matukio machache ya kipindi kile yaliyofikishwa mbele ya majaji: maofisa kadhaa wa FAC walishtakiwa katika mahakama ya kijeshi ya Katanga, na uamuzi uliotolewa Desemba 2004 haukumtia hatiani hata mmoja kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu.

Mtengeneza jedwali mwenye haraka ataandika mstari mmoja usemao kwamba askari waliua watu Ankoro, ushahidi ni Ripoti Mapping, na hatua ni wahusika waadhibiwe. Kila safu ya mstari huo ina kasoro. Safu ya kwanza imeacha moja kati ya mambo mawili ambayo ripoti iliyaeleza, kwani moja ni mauaji yenyewe na jingine ni namna mahakama ilivyoyashughulikia, na hilo la pili ndilo jipya zaidi kwa msomaji. Safu ya pili inataja kitabu kizima kana kwamba ni shahidi, wakati inapaswa kueleza ni vyanzo vya aina gani, vilivyokubaliana katika lipi, na katika aya ipi. Safu ya tatu inataka adhabu bila kusema nani aitoe, na bila kuzingatia kwamba watu hao walikwisha kushtakiwa na kesi yao kuamuliwa, jambo ambalo kisheria si dogo, kwa kuwa mtu aliyekwisha kuhukumiwa kwa tendo fulani hashtakiwi tena kwa tendo hilohilo kirahisi.

Mstari uliosahihishwa ungesomeka hivi. Katika safu ya yaliyobainika: kuna tuhuma zenye msingi kwamba Novemba 2002 wanajeshi wa FAC waliua makumi ya raia na kuchoma nyumba Ankoro, kesi iliyofuata ilimalizika mwaka 2004 bila mtu kutiwa hatiani kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Katika safu ya ushahidi: mashahidi na nyaraka, angalau vyanzo viwili visivyotegemeana, pamoja na hukumu ya mahakama ya kijeshi, na nambari za aya mbili, ile ya tukio na ile ya kesi. Katika safu ya hatua: ripoti inapendekeza mfumo wa mahakama mseto na fidia kwa waathirika, wanaohusika ni Bunge na serikali kuu. Maneno yote yanapita sabini, yamezidi kikomo, na mtengeneza jedwali atalazimika kupunguza kwingineko, lakini hapa pana haki ya kuzidi. Mahakama mseto, kwa maelezo mafupi, ni chombo cha sheria ambamo majaji wa nchi na majaji wa kigeni huketi pamoja, na ripoti ilikipendekeza kwa sababu iliona kwamba mahakama za Kongo, hasa za kijeshi ambazo wakati huo peke yake zilikuwa na mamlaka juu ya uhalifu wa kimataifa, zilikosa uhuru na uwezo wa kutosha.

Mstari mgumu kuliko yote ni ule unaohusu wakimbizi wa Kihutu waliouawa mwaka 1996 na 1997. Ripoti ilieleza kwamba mashambulizi dhidi yao, yaliyoonekana kuwa ya mpango na ya eneo kubwa, yana vipengele ambavyo, vikithibitishwa mbele ya mahakama yenye mamlaka, vinaweza kuitwa mauaji ya kimbari, yaani uhalifu unaotendwa kwa nia ya kuangamiza kundi la watu kwa sababu ya kabila, taifa, rangi au dini yao. Sentensi hiyo ina sharti ndani yake, nalo ndilo uti wa mgongo wake. Ripoti haikuishia hapo, kwani ilitaja pia mambo yanayoweza kuwafanya majaji wasite, mojawapo likiwa kwamba wakimbizi wengi sana waliruhusiwa kurudi Rwanda mwezi Novemba 1996, jambo linaloweza kudhoofisha hoja ya kuwepo nia ya kuangamiza.

Mwezi Agosti 2010, kabla ripoti haijatolewa rasmi, rasimu yake ilivuja na kufika katika gazeti la Ufaransa Le Monde, na dunia nzima ikabaki na maneno mawili, mauaji ya kimbari, bila sharti lake na bila upande wa pili. Serikali ya Rwanda ilipinga vikali na kutishia kuondoa askari wake katika kikosi cha Umoja wa Mataifa huko Darfur. Ripoti ya mwisho ilipochapishwa Oktoba, ilitoka pamoja na majibu ya nchi zilizotajwa. Yaliyotokea wakati huo ndiyo yanayotokea kila siku, kwa kiwango kidogo, katika safu ya kwanza ya jedwali lolote: neno zito hubaki, sharti hudondoka. Dawa yake ni kuandika sharti kwanza, ili anayekata sentensi akate mkia wala si kichwa: mahakama ikithibitisha vipengele vilivyoorodheshwa, mashambulizi haya yanaweza kuitwa mauaji ya kimbari. Katika safu ya ushahidi huandikwa pande zote mbili, ushahidi unaounga mkono na ule unaopinga, na katika safu ya hatua hakuna cha kuandika zaidi ya kwamba suala hilo linangoja mahakama yenye mamlaka. Safu ya hatua iliyo tupu kiasi hicho huwaudhi wasomaji, lakini kuijaza ni kuitungia ripoti maneno.

Kuna jambo jingine ambalo jedwali huwa linalificha bila mtu kukusudia. Jedwali hupenda kuhesabu matukio, na matukio huhesabika vizuri yanapokuwa na tarehe, mahali na idadi ya maiti. Ubakaji haukutendeka hivyo. Ulitendeka katika vijiji vingi kwa muda mrefu, waathirika wengi walinyamaza, na hakuna siku moja inayoweza kuandikwa kuwa ndiyo siku yake. Waandishi wa ripoti walilitambua hilo, wakaeleza kwamba mbinu ya tukio kwa tukio haiwezi kuonyesha ukubwa wa ukatili dhidi ya wanawake na watoto wala nafasi ya biashara ya madini katika vita, na ndiyo sababu walitenga sehemu ya pili nzima kwa mambo hayo. Jedwali lililojazwa kutoka sehemu ya kwanza pekee litamfanya msomaji aamini kwamba vita ya Kongo ilikuwa mfululizo wa mauaji ya halaiki na basi. Kati ya mistari minane, miwili angalau inapaswa kutoka katika sehemu ya pili, na katika safu ya ushahidi ya mistari hiyo iandikwe waziwazi kwamba idadi haijulikani, wala isiachwe wazi, kwa kuwa nafasi iliyoachwa wazi husomwa kama sifuri.

Mipaka ya wakati nayo haina budi kuonekana. Ripoti inaishia Juni 2003. Mapigano kati ya Watwa na Waluba, yaliyowafukuza maelfu kwa maelfu ya watu vijijini Nyunzu, Manono na Kalemie katika miaka iliyofuata mwaka 2013, hayamo ndani yake wala hayangeweza kuwamo. Kishawishi cha kuongeza mstari wa tisa kuhusu mambo hayo ni kikubwa, hasa pale karatasi inapoandaliwa kwa kikao ambacho wahudhuriaji wake wamelala chini ya turubai kwa sababu ya mapigano hayo. Lakini mstari huo hauna aya, na jedwali lenye mstari mmoja usio na aya hupoteza imani ya mistari mingine minane. Mahali pake ni karatasi ya pili, yenye kichwa chake na vyanzo vyake. Kanuni hiyohiyo inahusu majina: jina la kamanda ambalo kila mtu sokoni analijua, lakini ripoti imelihifadhi kwa siri, halina nafasi katika jedwali, kwa ajili ya usalama wa shahidi kuliko hata kwa ajili ya haki ya mtuhumiwa.

Jedwali likikamilika hufanyiwa majaribio mawili kabla ya kunakiliwa. La kwanza ni kulifunika kwa karatasi nyingine mpaka ibaki safu ya ushahidi peke yake, kisha mtu ambaye hakushiriki katika kuliandaa aisome safu hiyo na kuandika kwa maneno yake ni jambo gani linalothibitika kutokana nayo. Ikiwa alichoandika ni hafifu kuliko kilichomo katika safu ya kwanza, safu ya kwanza imetiwa chumvi, nayo hupunguzwa hadi ilingane. Jaribio la pili ni kumpa mtu huyo ripoti kamili na kumtaka atafute aya za mistari mitatu anayoichagua mwenyewe. Akikosa hata moja, karatasi yote hurudishwa kwenye karatasi ya kazi na kukaguliwa upya. Majaribio haya hayachukui zaidi ya nusu siku, na makosa ambayo huyafichua mara nyingi ni yaleyale: nambari ya aya iliyonakiliwa vibaya, mji uliochanganywa na mji mwingine wenye jina la kufanana, na neno "wote" pale ripoti iliposema "wengi".

Safu ya hatua ndiyo inayozeeka mapema kuliko nyingine, na kwa ripoti ya mwaka 2010 inahitaji maelezo ya ziada kuhusu yaliyokwisha kufanyika. Muswada wa kuunda mahakama maalumu mseto ulikwama katika Seneti mwaka 2011. Sheria ya mwaka 2013 ilizipa mahakama za rufani za kiraia mamlaka juu ya uhalifu wa kimataifa, na hivyo sehemu ya pendekezo moja imetekelezwa kwa njia nyingine. Mwishoni mwa mwaka 2022 ilitungwa sheria ya ulinzi na fidia kwa waathirika wa ukatili wa kingono uliohusiana na vita na wa uhalifu mwingine mkubwa, ambayo ndiyo iliyozaa mfuko wa taifa wa fidia ujulikanao kama FONAREV. Mapema mwaka huohuo, tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita ya pili, na Ripoti Mapping ilikuwa miongoni mwa vielelezo vilivyozingatiwa, majaji wakiipa uzito hasa pale ilipoungwa mkono na vyanzo vingine.

Kwa sababu hiyo, chini ya kila pendekezo katika safu ya tatu huwekwa alama fupi inayosema kama limetekelezwa, limetekelezwa kwa sehemu, limekataliwa au bado linangoja, pamoja na mwaka. Pia huonyeshwa pendekezo ni la nani. Pendekezo la ripoti huandikwa kwa herufi za kawaida. Pendekezo la kamati ya Kalemie iliyoandaa karatasi, kwa mfano kwamba waathirika wa Ankoro waandikishwe katika orodha ya mfuko wa fidia, huandikwa kwa herufi za mlalo na kutanguliwa na jina la kamati, na tarehe ya karatasi huandikwa kwenye kona ya juu, ili atakayeishika mwaka ujao ajue ni alama zipi zinazopaswa kubadilishwa.